Kuponi Thelathini na Moja za Khwisero

Neno nililoandika mimi lilikuwa "chunguza". Si "mwizi", si "tapeli". Nililiandika kwa vidole vyangu, kwenye mfumo wa oda nilioujenga mwenyewe, katika chumba kidogo juu ya stoo ya chakula cha mifugo hapa mjini Kakamega. Lakini Jumanne ile asubuhi, tajiri wangu aliposimama nyuma ya kiti changu na kutazama skrini, alisoma neno lake.

"Wezi," alisema. "Thelathini na mmoja. Na wote wanatumia simu moja."

Tulimwita Madam, kila mtu, hata waliomzidi umri. Alianza kwa kuuza chakula cha kuku sokoni kwa kopo la gorogoro, akipima na kumwaga kwenye mifuko ya watu, mpaka akapata duka, kisha stoo, kisha pikapu mbili. Sikumdharau hata siku moja. Ila mtu aliyejenga kitu kwa mikono mitupu huona wezi kila upande, na mimi nina kichwa kigumu. Mama yangu husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Nilisoma kompyuta chuoni Sigalagala, nikatafuta kazi Nairobi nikaichoka, nikarudi nyumbani, na Madam akanipa kiti, meza na tatizo: wateja wa vijijini walikuwa wanapiga simu siku nzima kuagiza, karani anaandika kwenye daftari, na nusu ya mifuko inakwenda kwa mtu asiyeiagiza.

Kwa hiyo nikamjengea mfumo. Mteja anafungua duka letu kwenye simu, anachagua mifuko, analipa kwa pesa ya simu, na pikapu inampelekea. Ulipokubalika, Madam akataka promosheni. Alitaka kuponi, yaani neno ambalo mteja analiandika kabla ya kulipa na bei inapungua. Tulikaa naye alasiri nzima tukiandika masharti, maana kuponi bila masharti ni mlango bila komeo.

Hii ya vifaranga tuliipa jina KUKU300. Ilipunguza shilingi mia tatu kwenye oda ya kwanza ya mteja. Oda yenyewe ilipaswa kufika elfu moja na mia tano, na hesabu hiyo ilikuwa ya bidhaa tu, kabla ya punguzo na bila usafiri. Mteja mmoja, kuponi moja, na mteja alitambuliwa kwa namba yake ya simu: mfumo ulimtumia ujumbe wenye tarakimu sita, naye alizirudisha ili ajulikane kwamba namba ni yake kweli. Haikuruhusiwa kuchanganywa na kuponi nyingine yoyote. Usafiri wa bure kwa oda kumi au zaidi zinazokwenda mahali pamoja haukuwa kuponi. Huo ulijitokeza wenyewe, na tulikubaliana unaweza kukaa pamoja na KUKU300. Mwisho wake ulikuwa saa sita usiku wa Jumapili, na kilichotazamwa ni saa ambayo oda iliwekwa. Baada ya hapo mteja alikuwa na siku nzima ya kulipa kwa bei aliyopewa. Madam aliweka sahihi chini ya karatasi ile, na karatasi bado ninayo.

Juu ya hayo yote niliweka mlinzi. Mfumo ulitazama oda zenye kuponi, na ukiona nyingi zinatoka kwenye simu ileile, zinakwenda mahali palepale, zina bei ileile, tena kwa muda mfupi, ulizisimamisha na kuniandikia: chunguza. Maana yake, binadamu atazame. Nilikuwa na maana hiyo na si nyingine.

Sasa Jumapili ile, kati ya saa saba na saa nane mchana, zilikuwa zimeingia oda thelathini na moja. Simu moja, namba thelathini na moja tofauti. Mahali pamoja, uani kwa kanisa moja Khwisero. Kila oda ilikuwa ya mfuko mmoja wa kilo ishirini wa chakula cha vifaranga, shilingi elfu moja mia nne na hamsini, na pakiti moja ya vitamini, shilingi sitini. Elfu moja mia tano na kumi, mara thelathini na moja, bila hata moja kupishana na nyingine. Zililipwa Jumatatu asubuhi.

Madam alinihesabia makosa kwa vidole. Watu hawanunui sawasawa hivyo. Vitamini zile ni danganya toto, za kufikisha kiwango tu. Wamelipa Jumatatu, kuponi ilikufa Jumapili. Na wamechanganya kuponi na usafiri wa bure. Alitaka nizifute zote, nifunge namba zote, na mwenye simu ile aambiwe alipe bei kamili la sivyo jina lake lifike kwa chifu.

Nilimjibu kidole kwa kidole. Kulipa Jumatatu si kosa, oda ziliwekwa Jumapili mchana. Usafiri si kuponi, ipo kwenye karatasi. Na kuhusu vitamini nilimfungulia simu yangu, nikaweka mfuko mmoja kwenye kikapu, nikaandika KUKU300. Skrini ikajibu: "Ongeza bidhaa ya shilingi 50 upate punguzo." Kisha nikaongeza vitamini, punguzo likaja, nikazitoa, likaondoka.

"Ni sisi tuliowaambia waongeze," nilisema. "Mimi ndiye niliyeandika hayo maneno. Wametii."

Hakufurahi. Alisema simu moja haiwezi kuwa ya watu thelathini na mmoja. Moyo wangu ulikataa. Nikampigia mwenye simu, kwa namba iliyoandikwa ya kupokea mzigo.

Alikuwa mama wa makamo, sauti pana, na nyuma yake jogoo aliwika bila adabu. Ndiye aliyekuwa mwekahazina wa kikundi cha akina mama pale kanisani. Aliniambia kuhusu vifaranga. Kikundi kilikuwa kimeagiza vifaranga vya siku moja kutoka kwa mtotoleshaji, kila mama hamsini, na vilikuwa vinafika Alhamisi. Walikuwa wameviwekea akiba mwaka mzima. Chakula chao kilikuwa kwetu, kimelipiwa, na mfumo wangu umekikalia.

Nilimuuliza mbona wote wametumia simu yake.

"Hizo zao ni za kubonyeza, mwanangu," alisema. "Haifunguangi duka yenu. Mimi ndio naandikianga wao. Kila mtu anakaa hapa kando yangu na simu yake, ujumbe ikiingia ananisomea namba, naandika. Hivyo ndio tunafanyanga kila kitu, hata ya shule ya watoto."

Nilikaa na simu mkononi baada ya kukata. Mimi ni mtoto wa huku. Nimekulia kwenye boma ambalo barua ya kila jirani ilisomwa na mtu mmoja mwenye miwani. Nilijua vizuri kwamba kijijini kwetu simu kubwa ni moja na macho mazuri ni ya mmoja, na wengine hukaa kando yake. Nilijua, na bado nikaandika sheria kana kwamba kila mtu duniani hukaa chumbani peke yake na simu yake. Nilijikasirikia, na hasira yangu haijawahi kukaa ndani kwa muda mrefu.

Nilirudi kwa Madam nikamweleza. Akaniuliza swali la haki. Alisema, sawa, tuseme hao ni watu kweli. Mbona basi mhasibu anamwambia mapunguzo tuliyotoa yamezidi bajeti ya promosheni mara tatu? Pesa hiyo imeliwa na nani, kama si hao?

Oda thelathini na moja kwa mia tatu ni elfu tisa na mia tatu. Hata mtoto angeona haifiki popote. Nikapanda juu kutafuta nani aliyekula, na hapo ndipo nilipokutana na mimi mwenyewe.

Ripoti yetu ilijumlisha mapunguzo yote kwenye mstari mmoja. Hilo pia nililifanya mimi, kwa uvivu. Nilipoyatenganisha, kila kuponi na mstari wake, KUKU300 ilikuwa ndani ya bajeti kabisa. Chini yake palikuwa na jina ambalo sikuwa nimelitazama kwa miezi mitano: JARIBIO.

Wakati ninajenga mfumo nilihitaji kuponi ya kujaribia. Niliifanya ipunguze nusu ya bei. Sikuipa kiwango cha chini, maana nilikuwa najaribu oda za kila ukubwa. Sikuipa tarehe ya mwisho. Sikuweka idadi ya mara inayoweza kutumika, wala sharti la mteja mmoja. Niliiruhusu kuchanganywa na kuponi yoyote, ili nione hesabu inavyokwenda mapunguzo mawili yakikutana. Kisha nikamaliza kujaribu na sikuizima. Fundi akiacha ngazi ukutani, asimlaumu mwizi kwa kupanda.

Mpandaji alikuwa mmoja. Oda arobaini na kitu, kubwakubwa, zote za akaunti moja, na ile ya kwanza alikuwa ameichanganya na KUKU300 pia, maana ruhusa ya JARIBIO ilishinda katazo la KUKU300. Punguzo alilopata lilifika shilingi laki mbili na zaidi. Mlinzi wangu hakuwahi kumsimamisha, kwa sababu nilimfundisha kushuku umati, sio mtu mmoja mwenye duka. Nililijua jina la akaunti ile. Lilikuwa la mzee mmoja mwenye duka la rejareja upande wa Shirere, mteja wetu mkubwa, mzee wa kanisa analosali Madam, mtu ambaye akija dukani huletewa kiti.

Nikakumbuka na siku yenyewe. Tulipouzindua mfumo, Madam alikodi ukumbi wa hoteli, akawaita wenye maduka, nami nikasimama mbele nikiwaonyesha ukutani namna ya kuagiza. Nilipofika kwenye kuponi, niliandika ile iliyokuwa vidoleni mwangu. JARIBIO, herufi kubwa, ukuta mzima. Bei ikaanguka nusu na watu wakapiga makofi. Mzee yule alikuwa mstari wa mbele, akiandika kwenye kidaftari, na nakumbuka nilifurahi kwamba yupo mtu mzima anayejali kujifunza.

Ningeweza kuizima kimya kimya. Nasema ukweli, mkono ulifika kwenye kitufe. Mstari ungebaki kwenye ripoti za zamani, lakini nani angetazama? Madam alikuwa tayari ana wezi wake. Wangelipa bei kamili, au wangekosa chakula na vifaranga vyao kufa Alhamisi, na mimi ningebaki fundi hodari. Wazee walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua haleli, na akilea mwewe humnyakua. Nilikataa kuwa mwewe wa mtu.

Niliizima JARIBIO. Kuifuta sikuifuta, maana ukifuta, historia nayo inapotea, na historia ndiyo niliyoitaka. Nikachapisha ripoti, nikashuka, nikaiweka mbele ya Madam.

"Hii nimeifanya mimi," nilisema. "Mlango niliuacha wazi, na aliyeingia ndiye huyo hapo. Akina mama wa Khwisero hawamo."

Alisoma mara mbili. Nikaona kidole chake kikisimama kwenye jina la mzee na kukaa hapo. Kisha akaanza kunisema, na alinisema vizuri, nami nilisimama nikasikiliza kwa sababu kila neno lilikuwa langu. Alisema nitakatwa mshahara. Nikasema anikate. Lakini alipomaliza, akasema wale wa Khwisero bado anawashuku; kosa langu haliwafanyi wao kuwa watu halisi. Simu moja ni simu moja.

"Basi twende ukawaone," nilisema. "Tupakie mifuko, tuchukue orodha. Ukikuta hata mmoja hayupo, rudi na mifuko yote, na mimi usiniite kazini tena."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa sijawaona watu hao hata siku moja. Lakini niliyasema na sikuyarudisha.

Tulifika Khwisero Jumatano kabla ya adhuhuri, Madam na mimi mbele pamoja na dereva, mifuko nyuma. Nilikuwa nimempigia mwenye simu kumweleza tunakuja na kwa nini, nao walikuwa wametungoja uani kwa kanisa, kwenye mabenchi waliyoyatoa ndani. Mwenye simu alisimama mbele, mrefu, leso imefungwa kiunoni. Alitusalimu vizuri, akatuonyesha benchi, na basi. Kwetu mgeni akifika, hata awe mdai, kuna ingokho, kuku, atakayekimbizwa na kuna obusuma, ugali, utakaosongwa. Siku ile hatukupewa hata maji. Madam ni mtu wa huku pia, na nilimwona akilielewa hilo kabla hajakaa.

Mwenye simu alisema kwamba wamesikia wameitwa wezi, na kabla mfuko mmoja haujashuka, mwenye kuwaita ahakikishe. Hakupandisha sauti. Madam akatoa simu yake, akachukua orodha kwangu, akapiga namba ya kwanza.

Ililia kwenye benchi la pili. Bibi mmoja mwenye sweta ya kijani aliinua simu yake ndogo juu ya kichwa, ikilia, bila kuipokea. Madam akakata, akapiga ya pili. Ikalia mwisho kabisa wa uani. Ya tatu, ya nne. Kila mmoja aliinua mkono na kubaki ameuinua, mpaka ua ukawa umejaa mikono. Mbili hazikulia kwa sababu moto ulikuwa umekwisha. Wenyewe waliazima betri za jirani, wakawasha, wakaleta ujumbe wetu wa tarakimu sita ukiwa bado umo ndani, pamoja na saa na dakika. Madam alipofika ya ishirini alianza kuchoka, nadhani, au aibu ilimshika, akasema inatosha. Mwenye simu akasema haitoshi. Orodha ina thelathini na mmoja.

Ya thelathini na moja ililia mkononi mwake yeye mwenyewe.

Namba yake nyingine ilikuwa imelia mapema, ya tano au ya sita. Hii ilikuwa laini ya pili, kwenye simu ileile kubwa. Mikono ilishuka taratibu. Madam alinigeukia, na nikakumbuka nilichoapa.

"Hii ni laini yangu," mama yule alisema. "Niliandika nayo mama mkwe. Yeye ni wa kitandani, simu hana. Lakini kuku anazo."

Hakuna aliyecheka. Aliendelea kueleza kwamba mama mkwe ni mwanachama tangu kikundi kianze, anatoa mchango wake kila mwezi, vifaranga vyake hamsini vinakuja kesho na vya wenzake. Mfumo ulitaka namba, naye hakuwa nayo, basi akampa ya kwake. Halafu akasema kama hilo ni kosa, ni kosa lake peke yake. Akafungua fundo la leso, akatoa shilingi mia tatu, akampa Madam mbele ya watu wote akiwa amesimama wima.

Kwa sheria niliyoiandika, lilikuwa kosa. Mteja mmoja, kuponi moja, na namba zote mbili zilikuwa za mtu mmoja. Niliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote pale uani. Nilijua pia kwamba ni ya kijinga, maana bibi yule wa kitandani alikuwa mteja halisi kuliko nusu ya wateja wetu wa mjini. Nilitaka Madam akatae ile mia tatu. Aliipokea, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Kisha akasimama, na hilo nampa. Alisema, "Niliwaita wezi. Nilikosea, naomba mnisamehe." Alisema kwa Kiluhya mara ya pili ili wazee wasikie. Mifuko ikashuka, yote thelathini na mmoja. Mwenye simu alimshika mkono, akamwambia chai atakunywa siku nyingine.

Njiani kurudi nilikuwa naungua. Nilimuuliza Madam kuhusu mzee wa Shirere. Akasema huyo ni mtu wa kuongewa naye polepole, ni mzee, ni mteja wa siku nyingi, na pengine hakujua kwamba kuponi ile si ya watu wote.

"Arobaini na kitu, bila kujua," nilisema. "Na yule mama, mara moja, mia tatu yake iko kwenye mkoba wako."

Dereva aliongeza sauti ya redio.

Tulipofika mjini nilipanda juu, nikafunga akaunti ya mzee. Sikuomba ruhusa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na huu wangu ulikuwa umekata upande mmoja tu tangu nilipouchonga.

Ijumaa alikuja. Nilisikia kiti kikivutwa huko chini, nikasikia vikombe. Baada ya kitambo Madam akaniita. Mzee alikuwa ameketi na chai yake na mandazi mawili, kofia kwenye goti, ananitazama kwa huruma kama anayemtazama mtoto aliyevunja sahani. Madam alisema mzee anashindwa kuagiza, mfumo unamkataa, na wamekwisha kuelewana kwamba mambo ya nyuma watayatazama taratibu. Nimfungulie.

Kazi hiyo ilikuwa inalipia karo ya ndugu zangu wawili.

"Simfungulii, Madam," nilisema. "Yule mama wa Khwisero alilipa amesimama, na hakupewa chai. Ukitaka afunguliwe, tafuta mwingine wa kubonyeza."

Mzee aliweka kikombe chini. Alianza kusema jambo kuhusu vijana wa siku hizi, na kompyuta, na kwamba neno lile aliliona ukutani mbele ya watu, hakuiba kwa mtu. Ilikuwa kweli pia, na nilimwambia ni kweli, ukutani niliweka mimi, na sehemu yangu inakatwa kwenye mshahara kuanzia mwezi huu. Nikamuuliza yake inakatwa wapi.

Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiria namna ya kuhamisha vitu vyangu kutoka mezani. Halafu akavuta mkoba wake, akafungua, akatoa noti tatu za mia, bado zimekunjwa vile zilivyotoka kwenye fundo la leso. Akaziweka mezani kando ya mandazi.

"Hii ni ya mwanamke wa Khwisero," alimwambia mzee. "Yako iko wapi?"

Mzee hakumaliza chai. Analipa hadi leo, kwa awamu, na akaunti yake haijafunguliwa, na akija dukani hununua kwa pesa taslimu kama mtu mwingine. Kiti huletewa bado, maana umri ni umri. Mimi nami nakatwa, na kila mwisho wa mwezi nikiona kilichobaki nanung'unika, lakini silalamiki kwa mtu.

Mfumo niliubadilisha. Sasa kila kuponi ina tarehe ya mwisho hata kama ni ya kujaribia, ina idadi ya mara na kikomo cha pesa, na ikifika hapo inajizima. Sitengenezi kuponi peke yangu. Mtu wa pili lazima aipitishe, na ripoti inaonyesha kila moja kwa jina lake. Mlinzi sasa humtazama pia mtu mmoja anayerudia kuponi ileile, sio umati tu. Simu moja inaweza kuagizia kikundi kizima, mradi kikundi kimeandikishwa na kila mwanachama amethibitishwa.

Na asiye na simu huthibitishwa na wenzake wawili kwa simu zao. Sharti hilo Madam alilipinga siku tatu. Alisema litatumiwa vibaya, na huenda likatumiwa, na nilimwambia likitumiwa tutachunguza, kwa maana halisi ya neno. Akaweka sahihi.

Mtu wa kwanza niliyemwandikisha kwa sharti hilo ni bibi mmoja wa Khwisero, wa kitandani, mwenye kuku hamsini kasoro wawili. Nilimwekea shilingi mia tatu kwenye akaunti yake, zile zilizokuwa mezani, za oda yake ijayo, bila tarehe ya mwisho, maana hiyo si kuponi, ni pesa yake. Mahali pa namba ya simu niliandika: hana. Mfumo ulikubali, kwa sababu mimi ndiye niliyeuambia ukubali.